Barua tatu za kuaga deski ya dola: ipi ikufae ukienda kusomea hesabu za fedha

Barua ya kujiuzulu ya dila wa benki huchukua dakika ishirini kuandikwa, nami yangu ilinichukua wiki tatu. Nilikuwa na rasimu tatu kwenye droo ya nyumbani. Ya kwanza ilikuwa na sentensi nne tu. Ya pili ilieleza kwamba naenda kusoma shahada ya uzamili na ilipanga makabidhiano. Ya tatu haikuwa ya kujiuzulu hata kidogo, ilikuwa ombi la likizo ya masomo bila malipo. Tangu hapo vijana kadhaa wa deski za Nairobi wameniuliza swali lile lile, kwa hiyo naziweka zote tatu hapa bega kwa bega. Barua zenyewe benki huziandika kwa Kiingereza. Mimi nitaonyesha yaliyomo kwa Kiswahili.

Kwanza vipimo, maana bila vipimo utaishia kuchagua ile yenye maneno matamu. Mimi hutumia vinne. Cha kwanza ni tarehe: je, barua inakufikisha darasani kwa wakati bila kudaiwa notisi? Cha pili ni siku yenyewe unayoiwasilisha: nini kinatokea kwenye kiti chako, limiti zako na mitambo yako? Cha tatu ni pesa, na hapo nazungumzia bonasi na mkopo wa wafanyakazi. Cha nne ni mlango unaouacha nyuma yako: ushuhuda, data na uwezekano wa kurudi.

Ili tusizungumze hewani, tumchukue dila wa kubuni. Anauza na kununua dola kwa shilingi katika soko la benki kwa benki, mwaka wake wa tano. Mshahara wake ni shilingi 280,000 kwa mwezi. Mkataba wake unataka notisi ya miezi miwili. Amebakiwa na siku 12 za likizo na anadaiwa mkopo wa gari wa shilingi 2,000,000 kwa riba ya wafanyakazi ya asilimia 6. Masomo yake ya uzamili wa hesabu za fedha yanaanza Uingereza Jumatatu tarehe 28 Septemba 2026, kwa mwaka mmoja.

Sheria inayomgusa ni fupi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 35, inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, lakini mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, mkataba ndio unaofuatwa. Wengi husoma siku 28 mahali fulani, wakasahau kufungua mkataba wao. Kifungu cha 36 kinaruhusu upande wowote kuondoka mara moja kwa kulipa mshahara wa muda wa notisi. Kwa dila wetu hiyo ni shilingi 560,000. Kifungu cha 38 kinamlinda kwa upande wa pili: akitoa notisi halafu benki ikasema hatumhitaji siku zilizobaki, benki inamlipa siku hizo, isipokuwa wakubaliane vingine. Kumbuka kifungu hicho cha 38, maana kwenye deski ya dola ndicho kinachotumika mara nyingi kuliko vyote.

Jambo moja zaidi linazihusu barua zote. Mahakama za kazi nchini zimeshikilia kwamba kujiuzulu ni tendo la upande mmoja. Ukishawasilisha barua, huhitaji benki ikubali, na kwa sababu hiyo hiyo huwezi kuirudisha mfukoni bila ridhaa yake. Usiandike basi kwamba unajiuzulu “endapo viza itatoka”. Subiri nafasi ya chuo isiyo na masharti, subiri ada ieleweke inatoka wapi, ndipo uandike.

Barua ya kwanza: fupi, isiyo na sababu

Inasema hivi: “Kwa barua hii natoa notisi ya miezi miwili ya kujiuzulu wadhifa wangu wa dila wa fedha za kigeni, kuanzia leo tarehe 1 Julai 2026. Siku yangu ya mwisho ya ajira itakuwa tarehe 31 Agosti 2026. Naomba siku zangu 12 za likizo zilizobaki nizichukue ndani ya kipindi hicho. Nashukuru kwa nafasi niliyopewa.” Imekwisha.

Kwa tarehe, barua hii ni safi kabisa. Tukihesabu siku 12 za kazi kurudi nyuma kutoka Jumatatu tarehe 31 Agosti, likizo inaanza Ijumaa tarehe 14, na siku ya mwisho kuketi deskini ni Alhamisi tarehe 13. Dila anapata karibu wiki sita na nusu za kujiandaa kabla ya darasa kuanza. Kuchukua likizo ndani ya notisi kunahitaji makubaliano. Benki ikikataa, siku hizo zinalipwa mwishoni, hazipotei.

Siku ya kuiwasilisha ndipo ufupi wake unapoonyesha meno. Mkuu wa treshari akipokea barua ya dila isiyotaja sababu, wazo la kwanza linalomjia ni benki pinzani iliyo ng'ambo ya barabara. Dila anajua ni wateja gani wananunua dola kila mwisho wa mwezi, kiasi gani, na kwa senti ngapi juu ya bei ya soko. Kwa hiyo inapigwa simu kwa idara ya hatari na kwa idara ya rasilimali watu, na kabla ya saa moja kupita mitambo ya biashara imefungwa. Rafiki yangu mmoja alitoa barua ya namna hii saa nne asubuhi, na saa tano alikuwa kwenye lifti na koti lake mkononi, akilipwa mshahara wa notisi akiwa nyumbani. Hakuonewa, kifungu cha 38 kilitekelezwa kama kilivyoandikwa. Lakini hakupata nafasi ya kuwaaga wateja aliowahudumia miaka minne, na hilo lilimuuma.

Kipesa, haina tofauti kubwa na barua ya pili, kwa hiyo nitalieleza huko. Kuhusu mlango wa kurudi, hauufungi wala hauufungui. Cheti cha utumishi utapata, kwa kuwa kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kukitoa, lakini cheti hicho hutaja kazi uliyofanya, mahali na tarehe tu. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kuandika ushuhuda wa tabia au ufanisi wako. Huo unaupata kwa hisani, na hisani huanza na mazungumzo.

Barua hii inamfaa mtu mwenye mkuu asiyetabirika, au mwenye mgogoro deskini, au ambaye ameshapata barua zake zote za mapendekezo chuoni na hana shida tena na ushuhuda. Inamfaa pia anayetamani benki imwambie aende nyumbani, kwa sababu anahitaji wiki zile kurudia hesabu za uwezekano na aljebra ya matriki aliyoiacha miaka mitano iliyopita.

Barua ya pili: sababu na makabidhiano

Hii ndiyo niliyoitoa mimi. Aya ya kwanza ni ile ile ya notisi na tarehe. Ya pili inasema: “Naondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili ya hesabu za fedha kwa muda wote, kuanzia tarehe 28 Septemba 2026. Sijiungi na mwajiri mwingine katika soko.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote katika barua nzima. Iandike tu ikiwa ni kweli. Soko la dola la Nairobi ni dogo, na watu wa deski zote wanafahamiana kwa sauti kabla ya kufahamiana kwa sura.

Aya ya tatu ni makabidhiano, na hapa watu wengi huweka maneno ya heshima yasiyo na kitu ndani: “nitahakikisha makabidhiano mazuri”. Mkuu wako hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Anachotaka kujua ni kwamba hakuna dili itakayobaki yatima. Dili za kawaida za dola hulipwa siku mbili za kazi baada ya kufanywa, kwa hiyo ulizofanya Jumatano tarehe 1 Julai zitalipwa Ijumaa tarehe 3. Kwa siku hizo mbili ofisi ya nyuma inaweza kukuuliza kwa nini bei ya mteja fulani haifanani na uthibitisho wake. Fowadi ndizo zenye shida zaidi. Mteja aliyefungiwa bei mwezi Aprili ili anunue dola mwezi Septemba atapiga simu wakati wewe uko darasani. Basi andika: fowadi za wateja zinazoiva baada ya tarehe 13 Agosti zitaorodheshwa kwa jina la mteja, kiasi, bei na tarehe, na orodha itakuwa kwa dila atakayezichukua ifikapo tarehe 10 Julai. Usiiambatishe orodha yenyewe kwenye barua, kwa kuwa barua ya kujiuzulu inakwenda kwenye faili la wafanyakazi, na habari za wateja hazina kazi huko.

Je, siku ya kuitoa mambo hutofautiana? Limiti zako zitaondolewa tu, na ni haki. Benki hupelekeana orodha za madila walioruhusiwa kufunga dili kwa niaba yao, na jina la anayeondoka halipaswi kukaa humo hata wiki moja. Tofauti ni kinachofuata. Anayesema anakwenda chuo mara nyingi huachwa jengoni: ananyang'anywa uwezo wa kufunga dili, lakini anaketi na ofisi ya kati akisaidia kufuatilia faida na hasara, au anamfundisha anayechukua wateja wake. Mimi nilikaa wiki tano hivyo. Siwezi kuahidi kwamba itakuwa hivyo kwako. Benki nyingine zina sheria moja kwa kila dila, awe anaenda chuo au kwa washindani.

Kwa barua zote mbili, saa ya kuitoa ni jambo la kufikiria. Usiitoe ukiwa umeshika pozisheni. Tuseme umenunua dola milioni moja asubuhi ukingoja bei ipande, halafu saa sita unatoa barua na mitambo inafungwa. Pozisheni ile itafungwa na mtu mwingine, kwa bei yake, na kama itakuwa hasara jina lako litabaki kwenye ripoti ya siku ile. Sawazisha kila kitu, ngoja soko litulie jioni, hakikisha ripoti ya pozisheni inaonyesha sifuri kwa upande wako, ndipo uombe dakika tano za mkuu. Mpe barua mkononi, kisha itume kwa barua pepe kwa idara ya rasilimali watu siku hiyo hiyo, ili tarehe ya notisi isibishaniwe.

Sasa pesa. Bonasi kwanza. Benki hufunga hesabu za mwaka Desemba, na kwa kawaida bonasi hulipwa miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, kwa sharti kwamba siku ya malipo uwe kazini na usiwe kwenye notisi. Dila wetu anayetoa barua Julai ameshapokea ya mwaka jana, na anapoteza ya miezi minane ya mwaka huu. Hakuna maneno ya barua yatakayoirudisha, kwa hiyo usiyatafute.

Mkopo ndio unaowashtua watu. Riba ya asilimia 6 ni kwa mfanyakazi. Ukitoka, barua ya mkopo kwa kawaida inasema riba inapanda hadi ile ya wateja. Tuseme ni asilimia 15. Kwenye deni la shilingi 2,000,000, riba ya mwezi wa kwanza inatoka shilingi 10,000 hadi 25,000. Ni shilingi 15,000 zaidi kila mwezi mwanzoni, kwa mtu ambaye hana tena mshahara. Njia zilizopo ni kuliuza gari na kulipa deni, kuhamisha mkopo, au kuomba muda. Barua ya pili ina nafasi ya kuomba hilo: “Naomba kikao kuhusu mkopo wangu kabla ya tarehe 31 Julai.” Barua ya kwanza haina nafasi hiyo, ingawa unaweza kuomba kwa barua tofauti.

Na hapa kuna mtego ambao nusura uninase. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka uonyeshe pesa za ada iliyobaki na za kujikimu zikiwa zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ukiziweka kwenye akaunti ile ile ya mshahara, ndani ya benki ile ile inayokudai, benki inaweza kukata deni lake kutoka humo wakati wa kufunga hesabu zako. Ikikata siku ya 20, unaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Weka pesa za viza kwenye benki nyingine, wiki kadhaa kabla ya kuandika barua yoyote.

Kipimo cha nne ndicho kinachoipa barua hii nguvu kwa anayeelekea kwenye hesabu. Mwanafunzi wa fani hii anahitaji data kwa ajili ya tasnifu, na kishawishi ni kujitumia lahajedwali la bei au historia ya dili za wateja kwa barua pepe binafsi katika wiki za mwisho. Usifanye hivyo hata kwa faili uliloliunda mwenyewe usiku wa manane. Kipindi cha notisi ndicho barua pepe zako zinapoangaliwa kwa makini zaidi, na majina ya wateja yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pamoja na kiapo chako cha usiri. Ukishasema wazi kwamba unakwenda kusoma, unaweza kuomba kwa maandishi data iliyoondolewa majina, na wao wanaweza kukubali au kukataa. Mimi nilikataliwa. Nikatumia viwango vya kubadilisha fedha ambavyo Benki Kuu ya Kenya huchapisha kila siku ya kazi, na vilitosha kwa swali langu kuhusu mtikisiko wa shilingi.

Inamfaa dila mwenye uhusiano mzuri na mkuu wake, mwenye mkopo unaohitaji mazungumzo, na anayefikiri huenda akarudi sokoni, labda si kwenye kiti kile bali upande wa kuunda modeli za hatari.

Barua ya tatu: likizo ya masomo bila malipo

Hii inaomba: “Naomba likizo bila malipo ya miezi 12, kuanzia tarehe 14 Septemba 2026, kusoma shahada ya uzamili ya hesabu za fedha, na kurejea benki tarehe 13 Septemba 2027.” Inataja faida kwa benki kwa jambo moja mahususi, kama vile kupima bei ya opsheni za sarafu ambazo deski sasa inanukuliwa na benki ya nje. Neno kujiuzulu halimo. Ukiweka kitisho cha “la sivyo nitaondoka”, umeshawasilisha barua ya kwanza bila tarehe.

Kwa tarehe, ni barua inayohitaji kuanza mapema. Sheria ya Ajira hailazimishi mwajiri kutoa likizo ya namna hii. Ni suala la sera ya benki, na maombi hupanda ngazi kadhaa. Dila wetu angepaswa kuipeleka Machi au Aprili, ili jibu likiwa hapana abakiwe na muda wa kutoa notisi tarehe 1 Julai. Masomo ya miaka miwili yenye tasnifu ndefu hayaingii vizuri kwenye ombi la miezi 12.

Siku ya kuiwasilisha, hafungiwi mitambo. Hata hivyo mkuu ameshajua kwamba akili yako iko nje ya mlango, na wateja wakubwa wapya huenda wakapewa jirani yako. Ombi likikataliwa unabaki umeketi pale miezi mitatu, kila mtu akijua.

Kipesa ndiyo bora kwa mwenye deni, ikiwa benki itakubali kumwachia riba ya wafanyakazi wakati wa likizo. Aipate kwa maandishi, asitegemee desturi. Lakini awamu za mkopo zinaendelea bila mshahara, kwa hiyo lazima awe na akiba ya miezi 12. Na benki inaweza kumtaka asaini dhamana ya kuitumikia miaka kadhaa akirudi, hasa ikimchangia ada. Aisome dhamana hiyo kama anavyosoma mkataba wa fowadi: tarehe gani, kiasi gani, na nini kinatokea akivunja.

Inamfaa anayeipenda benki yake na anayetaka shahada ili apande pale pale. Haimfai anayetaka kuondoka Nairobi kabisa au kuhamia utafiti. Huyo atakuwa anaomba ahadi asiyokusudia kuitimiza, na hilo nalipinga kwa moyo wote.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kama masomo yanaanza Januari, tatizo lako ni bonasi. Ukitoa notisi ya miezi miwili Oktoba, umeacha bonasi ya mwaka mzima miezi michache kabla ya kulipwa. Kiulize chuo kama kinakuruhusu kuahirisha hadi Septemba. Kikikubali, ngoja malipo, kisha toa ya pili. Kikikataa, linganisha bonasi na mwaka wa maisha yako, ukijua kwamba bonasi haijaahidiwa na mtu.

Kama chuo ni cha hapa Nairobi na madarasa ni ya jioni, usianze na barua yoyote kati ya hizi. Omba kwanza ratiba ya kutoka deskini saa fulani. Ikishindikana muhula mmoja, ndipo uchague.

Kama unadaiwa nyumba na si gari, nenda kwenye ya tatu kwanza, mapema, na uweke rasimu ya pili tayari. Riba ikipanda kwenye mkopo wa miaka kumi na tano, mwanafunzi asiye na kipato haihimili kwa urahisi.

Kama hudaiwi kitu, mapendekezo yote yameshafika chuoni na deski imekuwa mahali pa makelele, ya kwanza inatosha. Sentensi nne, jioni, pozisheni ikiwa sifuri. Na kama umesitasita kati ya ya kwanza na ya pili tu, chukua ya kwanza uongeze ile sentensi moja, kwamba unakwenda kusoma na hujiungi na mwajiri mwingine katika soko. Kisha pakia daftari zako mbele ya mtu wa idara ya hatari, ili aone kwamba unachobeba ni daftari tu.